Fomu ya PDF ni tupu kwenye WhatsApp, ikipakuliwa imejaa

*Kaka, habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Morogoro. Kijana wetu wa kompyuta alitutengenezea programu inayochukua taarifa za wanachama kutoka Excel na kujaza fomu ya mkopo ya PDF. Tunawatumia wanachama kwa WhatsApp, na nakala tunaweka Google Drive. Wengi wanasema wakiichungulia wanaona fomu tupu: maswali yapo, tiki zipo, ila jina na kiasi cha mkopo havipo. Wakiipakua na kuifungua kwa Adobe, kila kitu kipo. Mmoja amelalamika kwamba penye jina lake ameona jina la mtu mwingine kabisa. Kijana anasema simu za wanachama ni mbovu. Kosa ni la nani?*

Nzuri, dada. Simu za watu ziacheni, hazina kosa. Kosa lipo kwenye programu yenu, na hizo tiki ulizozitaja ndizo zilizonionyesha pa kuangalia. Faili mnalotuma lina majibu ndani yake, lakini halina mchoro wa majibu hayo. Adobe akilifungua anauchora mwenyewe palepale. Kinachoonyesha faili kabla ya kupakuliwa hakijisumbui hivyo, kinaonyesha kile tu kilichokwisha kuchorwa.

Ili hili lieleweke lazima tuingie ndani ya faili kidogo. Nafasi ya kujaza kwenye PDF si sehemu ya maandishi ya ukurasa. Maneno "Jina kamili la mwombaji" yamechapwa kwenye ukurasa wenyewe, lakini kisanduku kilicho mbele yake ni kitu kingine kilichobandikwa juu ya ukurasa, chenye kumbukumbu zake. Kisanduku cha jina kwenye fomu yenu, kwa maelezo uliyonipa, kinaelekea kuwa hivi:

```
12 0 obj
<< /Type /Annot /Subtype /Widget /FT /Tx
   /T (jina_kamili)
   /V (ASHA JUMA)
   /DA (/Helv 11 Tf 0 g)
   /Rect [150 640 420 660] >>
endobj
```

`/T` ni jina la kisanduku. `/V` ni thamani, yaani jibu lenyewe. `/DA` inasema jibu hilo liandikwe kwa fonti gani, ukubwa gani na rangi gani. `/Rect` ni mahali kisanduku kilipo kwenye ukurasa. Ukisoma haraka utadhani kila kitu kipo. Kinachokosekana ni `/AP`, kiungo kinachoelekeza kwenye mchoro uliokwisha kuandaliwa. Mchoro huo ni mfupi tu, karibu hivi:

```
/Tx BMC q BT /Helv 11 Tf 0 g
2 5 Td (ASHA JUMA) Tj ET Q EMC
```

Hapo ndipo herufi zinapowekwa kwenye karatasi hasa. Kwa hiyo jina linaandikwa mara mbili ndani ya faili moja: mara ya kwanza kama taarifa, mara ya pili kama mchoro. Programu yenu inaandika taarifa na kuishia hapo.

Sasa kwa nini Adobe inaonyesha? Kwa sababu juu ya fomu nzima kuna agizo moja dogo, `/NeedAppearances true`, linalomwambia anayefungua faili kwamba michoro haipo au imepitwa na wakati, aichore upya. Adobe hutii. Inasoma `/V`, inasoma `/DA`, inapima upana wa kisanduku na kuandika jina. Lakini hiyo ni kazi yenye mambo mengi kuliko inavyoonekana: ukubwa wa herufi unaojirekebisha wenyewe, maandishi yanayosogezwa kulia au katikati, anwani ndefu inayovunjwa mistari mitatu. Programu za kuchungulia faili zimeundwa kuonyesha ukurasa upesi bila kuugusa, na nyingi hulipita agizo hilo kama halipo. Hata walioandika kiwango cha PDF walichoka nalo. Katika PDF 2.0, iliyotoka mwaka 2017 kama ISO 32000-2, agizo hilo liliwekwa kwenye kundi la mambo yasiyopendekezwa tena, na programu inayotengeneza faili ndiyo ikapewa wajibu wa kuweka michoro. Kwa hiyo kijana akisema Adobe inaonyesha sawasawa, ni kweli, ila Adobe inamfanyia kazi aliyotakiwa kuifanya yeye.

Tiki je, mbona zinaonekana? Kisanduku cha tiki kina tabia yake. Aliyetengeneza fomu tupu tangu mwanzo kwa kawaida huweka michoro miwili, mmoja wa kisanduku chenye tiki na mwingine wa kisanduku kisicho nayo, kwa sababu hali ni hizo mbili tu. Programu yenu haikuhitaji kuchora chochote, ilichagua tu mmojawapo kwa kubadilisha neno moja, `/AS`, kutoka `/Off` kwenda `/Yes`. Kwenye jina haiwezekani, kwani hakuna aliyeweza kuandaa mapema mchoro wa majina yote ya wanachama.

Ndiyo maana swali la tiki ndilo la kwanza ninalomuuliza mtu mwenye tatizo hili. Tiki zikionekana na maandishi yasionekane, mchoro wa maandishi haupo kwenye faili. Tiki na maandishi vyote vikikosekana, nashuku zaidi kwamba programu ya kuchungulia haichori visanduku vya fomu kabisa, hata vyenye michoro kamili. Hilo nalo lipo. Chukua PDFium, injini inayofungua PDF ndani ya Chrome na inayotumika pia ndani ya Android. Mwandishi wa programu anayeitumia huita amri moja ya kuchora ukurasa, `FPDF_RenderPageBitmap`, na nyingine tofauti ya kuchora visanduku vya fomu, `FPDF_FFLDraw`. Akiisahau ya pili, au akiona haina haja, maswali yatatoka na majibu hayatatoka. Android yenyewe iliwapa waandishi wa programu kifaa chake cha kuchora PDF, `PdfRenderer`, kuanzia Android 5.0 mwaka 2014, lakini uwezo wa kushughulikia fomu na vibandiko vya juu ya ukurasa ulitangazwa na Android 15, mwaka 2024. Simu nyingi mikononi mwa wanachama wenu ni za kabla ya hapo. Hivyo nisingeshangaa baadhi yao wasione hata tiki.

Kuna jambo pia la nani anachora. Kile kipicha cha ukurasa wa kwanza kinachoonekana kwenye mazungumzo ya WhatsApp hakichorwi kwenye seva, kwa sababu ujumbe umesimbwa tangu unapotoka hadi unapofika na seva haiwezi kuusoma. Hutengenezwa kwenye kifaa cha mtumaji na kusafiri pamoja na faili. Kwa hiyo ule weupe mwanachama anaouona kabla ya kugusa chochote umetoka kwenye simu au kompyuta ya ofisini kwenu. Drive ni kinyume chake: faili husomwa na seva, nawe ukaletewa kurasa zilizokwisha kuchorwa. Hizo ni programu mbili tofauti, zenye waandishi tofauti, na zote mbili zimekwama penye pengo lilelile. Ukiona hivyo, pengo limo kwenye faili.

Lalamiko la jina la mtu mwingine ndilo lililonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Fomu kuwa tupu ni usumbufu. Fomu ya mkopo yenye majina mawili ni hatari. Muulize kijana kama fomu ya mwanachama huyo ilianzia kwenye fomu tupu, au aliichukua fomu ya mtu mwingine iliyokwisha kujazwa akaipitisha kwenye programu. Ninatarajia jibu la pili. Mtu wa kwanza alijaziwa kwa Adobe na faili likahifadhiwa, kwa hiyo Adobe iliandika vyote viwili, `/V` na mchoro. Kisha programu yenu ikabadilisha `/V` kuwa jina jipya, mchoro wa zamani ukabaki ulivyo. Adobe ikifungua inatii agizo, inachora upya, mhasibu anaona jina sahihi. Mwanachama akichungulia kwenye simu anaona mchoro wa zamani. Faili ni lilelile, wasomaji wawili wanasoma wakopaji wawili. Na kama jina la zamani limebaki, angalieni kiasi cha mkopo na namba ya simu pia, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu, na hizo ni taarifa za mtu zilizopelekwa kwa asiyehusika.

Kabla ya kurekebisha, mthibitishe. Usimwache kijana ajaribu kwa kufungua faili kwenye Chrome au Firefox, kwa sababu vivinjari hivyo hushughulikia visanduku vya fomu vyenyewe na kuweka jibu ndani yake, kwa hiyo vitakuonyesha jina hata kama mchoro haupo. Njia ya uhakika ni kulifungua faili na kulisoma. Programu ya bure iitwayo qpdf hulitandaza kwa namna inayosomeka:

```
qpdf --qdf --object-streams=disable fomu.pdf fomu-wazi.pdf
```

Fungua `fomu-wazi.pdf` kwa kihariri cha kawaida cha maandishi na utafute jina la mwanachama. Likipatikana kwenye `/V` tu, na kisanduku hicho hakina `/AP`, ndilo tatizo nililoeleza. Ukikuta `/AP`, fuata namba iliyo mbele yake hadi kwenye mchoro uone una jina la nani. Asiye na subira ya kusoma hayo afungue faili kwenye simu moja ya zamani na aguse kisanduku. Programu nyingine huacha kisanduku kikiwa kitupu, ukikigusa jina linatokea, ukiondoa kidole linapotea tena. Ukiona hivyo huhitaji ushahidi mwingine.

Marekebisho yanategemea kama mwanachama ana kitu cha kuongeza. Kama fomu ikitoka kwenu imekamilika na kilichobaki ni kuchapwa na kutiwa saini kwa kalamu, ichorwe kisha ilazwe, maana yake visanduku viondolewe na majibu yawe sehemu ya ukurasa kama maswali yalivyo:

```
qpdf --generate-appearances --flatten-annotations=all fomu.pdf fomu-tayari.pdf
```

Sehemu ya kwanza inachora kutoka `/V`, ya pili inalaza. Baada ya hapo hata programu ya kuchungulia isiyojua fomu ni nini italionyesha jina, kwa kuwa kwake ni maandishi kama mengine. Hii ndiyo ningeichagua kwa fomu zenu. Lakini kama mdhamini anatakiwa kujaza sehemu yake kwenye simu, msilaze. Tumieni `--generate-appearances` peke yake ili visanduku vibaki hai. Na kama kuna anayetia saini ya kidijitali, ulazaji ufanyike kabla ya saini, kwa sababu kubadilisha faili baada ya saini kunaibatilisha.

Amri hiyo ina mipaka, na nyinyi mtakutana nayo. Kwanza, huchora upya pale tu faili linaposema michoro imepitwa na wakati, yaani pale lile agizo la `/NeedAppearances` lilipo. Msiliondoe kwa mkono kabla ya kuendesha amri. Pili, haivunji mistari: anwani ndefu kwenye kisanduku cha mistari mitatu itatoka mstari mmoja na kukatwa. Tatu, inajua seti ndogo ya herufi. Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu, ila tuna majina kama Ng'wandu, na Word hupenda kuigeuza ile alama iwe iliyopinda. Jina likinakiliwa kutoka huko hadi Excel, linaweza kutoka kwenye fomu kama Ng?wandu. Badilisheni alama hizo kwenye safu ya majina ziwe zilizonyooka kabla ya kujaza.

Afadhali zaidi kijana arekebishe chanzo. Wengi walioandika programu za namna hii kwa Python walianza na PyPDF2, na matoleo yake ya zamani yalikuwa yanaandika thamani tu. Kazi ya kuiendeleza ilihamia kwenye pypdf, ambayo huandaa na mchoro wa maandishi. Akitafuta kwenye msimbo wake mstari unaofanana na huu,

```
writer.set_need_appearances_writer(True)
```

atakuwa amepata mahali alipoikabidhi kazi kwa Adobe. Ahamie kwenye toleo jipya, kila fomu ianze kwenye fomu tupu iliyohifadhiwa mahali pasipoguswa, na asiwahi tena kujaza juu ya fomu ya mtu.

Wewe mwenyewe, siku kijana hayupo, fungua fomu kwa Adobe Reader kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl+P, chagua printa iitwayo Microsoft Print to PDF na uhifadhi kwa jina jipya. Linalotoka ni faili lililolazwa. Ubora wake si mbaya, na kwa fomu tano za asubuhi inatosha kabisa. Kwa fomu mia tatu utachoka.

Nimesema haya yote kwa sababu maswali ya fomu yanaonekana. Kama siku moja mtu akikuambia ukurasa mzima ni mweupe, hata maswali hayapo, huo ni ugonjwa mwingine. Kwa nyaraka zilizopigwa skani, mara nyingi ni namna picha ilivyobanwa. Baadhi ya mashine hubana kwa JBIG2 au JPEG 2000 ili faili liwe dogo, na programu ya kuchungulia isiyojua kufungua mbano huo huacha karatasi nyeupe bila kusema neno. Amri `pdfimages -list faili.pdf` huorodhesha picha, na kwenye safu ya `enc` utaona `jbig2` au `jpx`. Skani upya kwa JPEG ya kawaida na mambo yataisha. Na ukiona ukurasa wenye maneno "Please wait..." peke yake, hiyo ni fomu ya XFA, aina ambayo programu nyingi zisizo Adobe haziwezi kuionyesha. Waliowahi kuomba viza ya Kanada wanazijua, baadhi ya fomu zake za uhamiaji, ziitwazo IMM, ziko hivyo. Hizo usizilaze wala kuzichapa upya, zitumwe kama mwenye fomu alivyoelekeza.

Kwa fomu mlizokwisha kutuma, marekebisho hayatazifikia. Kipicha kilichosafiri na ujumbe wa WhatsApp hakibadiliki, kwa hiyo zitumwe upya, na kwenye Drive pandisheni faili jipya lenye jina jipya, mkifuta la zamani. Anzeni na yule aliyeona jina la mwenzake: fomu yake itengenezwe kutoka fomu tupu, mkopaji ahakikishe kwa kuichungulia kwenye simu yake mwenyewe, na ile ya kwanza aombwe aifute. Kisha mtafute mwenye jina lililoonekana, mumwambie taarifa zake zilikwenda wapi.